Mashine ya alizeti Kibaigwa: tukope zaidi au tuchange wenyewe?

Mkongwa: Wadau, kampuni yetu ya wanahisa hapa Kibaigwa inataka mashine ya kukamua alizeti ya milioni 100. Tunachanga 40, benki inatoa 60 kwa riba ya asilimia 15, deni linapungua kwa milioni 20 kila mwaka kwa miaka mitatu. Baada ya matumizi na kodi tunategemea kupata milioni 44, 46 na 48. Mshauri ametoa kwanza marejesho ya benki, kinachobaki akakirudisha kwenye thamani ya leo kwa asilimia 20, faida tunayoidai wenye hisa. Nusu ya wanahisa wanasema katupiga, wengine wanataka tukope zaidi. Mnasemaje?

Mhasibu wa Nkuhungu: Hajawapiga. Mwaka wa kwanza mnalipa 20 na riba 9, mnabaki na 15. Mwaka wa pili 20, wa tatu 25. Kwa asilimia 20, zote leo zina thamani ya kama milioni 40.9. Mlichoweka ni 40, kwa hiyo ziada haifiki hata milioni moja. Angalizo: mnalinganisha na 40, siyo 100. Zile 60 za benki zimeshakatwa kwenye marejesho. Anayekata 100 kwenye hiyo 40.9 anahesabu mkopo mara mbili, na nadhani hapo ndipo kelele za mkutanoni zilipoanzia.

Kijana wa Kisasa: Lakini bei ya pesa si ndiyo hiyo 15 ya benki? Weka 15, ziada inakuwa milioni 4.6. Halafu kopeni 75, nyie mtoe 25 tu. Nimepiga hesabu, pamoja na nafuu ya kodi kwenye riba: hata kwa asilimia 20 ileile ziada inafika karibu milioni 3. Mradi uleule, faida zaidi. Kwa nini mchange?

Mhasibu wa Nkuhungu: Hesabu zako ziko sawa, ila kiwango umekiacha nyuma. Benki inaridhika na 15 kwa sababu ina dhamana na inapakuliwa kwanza. Wenye hisa wanakomba sufuria. Sasa chukulia mvua imekata na mapato ya mwaka wa kwanza yamepungua kwa milioni 10. Kwa mkopo wa 60, zile 15 zinakuwa 5. Kwa mkopo wa 75 mlikuwa mbaki na milioni 8.4, kwa hiyo mnaingia kwenye upungufu wa 1.6 na mnaanza kuchangishana. Mtu anayebeba hatari hiyo hawezi kuendelea kudai 20 ileile. Akidai 23, ziada yako inashuka hadi milioni 1.5. Akidai 27, ni hasara ndogo.

Kijana wa Kisasa: Haya, ni 23 au 27? Nani anapanga?

Mhasibu wa Nkuhungu: Hapo ndipo pa kubishania. Mimi ningesimama karibu na 23, lakini sina mizani ya kuithibitisha kwa kampuni ambayo hisa zake haziuzwi sokoni.

Mama Neema, Chamwino: Samahani jamani, kikundi chetu cha wanawake tuna mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, hauna riba. Ina maana sisi kiwango chetu ni sifuri?

Mhasibu wa Nkuhungu: Hapana, mama. Marejesho yaandike kama yalivyo, bila riba. Unafuu wa mkopo utauona kwenye kinachobaki. Kiwango ni kile mnachodai kwa fedha zenu wenyewe, maana mngeweza kuzipeleka kwenye kazi nyingine.

Mwalimu wa Hesabu: Mimi siipendi njia hii kwa mkopo unaoisha haraka. Deni linashuka kutoka 60 hadi 40 hadi 20. Kama hatari ya wenye hisa inategemea deni, kwa nini asilimia 20 ibaki palepale miaka yote mitatu? Bora kuupima mradi mzima kabla ya benki, kwa kiwango kinachochanganya riba na madai ya wenye hisa.

Mhasibu wa Nkuhungu: Ni kweli, mwaka wa tatu 20 inawaonea. Ila mchanganyiko wako nao unachukulia kwamba uwiano wa deni na mtaji haubadiliki, na hapa unabadilika kila mwaka. Tatizo lile lile, mwalimu.

Mwalimu wa Hesabu: Basi kiwango kibadilishwe kila mwaka. Sijaona mshauri aliyefanya hivyo.

Mzee wa Mpwapwa: Mnabishana asilimia, mimi naulizia miezi. Alizeti huku inavunwa kuanzia Mei, mbegu mnanunua kwa pesa taslimu msimu huohuo. Benki inataka rejesho kila mwezi. Ile milioni 15 inayobaki mwaka wa kwanza inaficha miezi ambayo mfuko ni mtupu. Mimi na mashine yangu ndogo nililazimika kuuza mafuta kwa bei ya kutupa mwezi wa saba ili nilipe.

Mkongwa: Hilo mshauri hakuligusa. Nitamwomba aipange upya mwezi kwa mwezi, na mwezi wenye upungufu auandike kama mchango wetu wa ziada. Benki nayo tutaiuliza kama inakubali marejesho ya msimu. Wa milioni 75 wanataka kura Jumamosi hii, sijui kama watasubiri.