Mrejesho: majina ya Msumbiji kwenye CSV ya msambazaji

Niliuliza: "Msambazaji wetu wa Msumbiji anatuma CSV, tukiifungua hapa Mtwara João anakuwa JoÃ£o. Tatizo liko kwake au kwetu?"

Wakuu, asanteni, limeisha. Faili lake lilikuwa zima. Kwenye UTF-8 herufi ã ni baiti mbili, C3 A3. Ukibofya faili mara mbili, Excel huweza kulisoma kwa Windows-1252, ambako C3 ni Ã na A3 ni £. Ndiyo maana herufi moja inazaa mbili.

Sasa hatubofyi. Tunafungua Excel tupu, Data, kisha From Text/CSV, na kwenye File Origin tunachagua `65001: Unicode (UTF-8)`. Hapo hapo kwenye onyesho la awali tunatafuta João. Akisomeka sawa, tunapakia.

Faili lililofunguliwa vibaya kisha likahifadhiwa kama CSV UTF-8 limeharibika kwelikweli, ila hurudi, tukiondoa kwanza BOM ambayo Excel huiweka mwanzoni mwa faili:

```
sed '1s/^\xEF\xBB\xBF//' baya.csv | iconv -f UTF-8 -t WINDOWS-1252 > zima.csv
```

Amri hii inaweza kukwama kwenye Á na Í, kwa sababu baiti zao za pili, 81 na 8D, hazina herufi kwenye Windows-1252. Likikwama, ombeni faili jipya.

Mkiona Jo�o, hiyo ni kesi ya kinyume: faili la Windows-1252 limesomwa kama UTF-8. Msilihifadhi hata kidogo! Alama hiyo ikishaandikwa, herufi ya asili imepotea, na hakuna amri ya kuirudisha.