Lengo la muda wa rivyu: saa 4 ni haki, au ni kubanana?

Fundi_Njiro: Wakuu, timu yetu ni watu sita, wanne Arusha na wawili Moshi. Bosi anataka tukubaliane kila PR, yaani mabadiliko ya msimbo yanayosubiri mwenzako ayakague, ijibiwe ndani ya saa 4, na ule ubao wenye majina, unaomwonyesha aliyechelewa kwa rangi nyekundu, ubaki kwenye TV ya ofisini. Tukubali? Na tukikubali, tutapimaje bila watu kujiona wanabanwa?

Kijenge_Juu: Saa 4 zinatosha kabisa. Kwetu PR iliwahi kukaa siku sita, aliyeiandika akawa hakumbuki tena kwa nini alibadilisha ule mstari. Na majina yakae kwenye TV. Anayeogopa jina lake kuonekana ana la kuficha.

Binti_Pasua: Kaka, mimi nina la kuficha lipi? Niko Moshi, ndiye mdogo kwenye timu, nina miezi saba kazini. PR za malipo zinatupwa kwangu na moduli ile ninaisoma kwa kubahatisha. Mistari 300 inanichukua nusu siku. Nikiharakisha napitisha makosa, nisipoharakisha jina linawaka jekundu mbele ya wageni wa ofisi. Nichague lipi?

Mzee_wa_Kiboriloni: Saa nne ni mapema mno. Watu wengine wanatoka Himo na Marangu, wakifika ofisini ni saa tatu, hawajafungua hata mashine. Wekeni saa sita mchana.

Kijenge_Juu: Mzee shikamoo, si saa nne asubuhi. Ni muda wa saa nne tangu PR ifunguliwe.

Mzee_wa_Kiboriloni: Marahaba. Basi mmeiandika vibaya. Mimi nimeisoma kama mtu mwingine yeyote atakavyoisoma.

Mzoefu_Sakina: Mzee amekosea swali ila amegusa jibu zuri kuliko la bosi. Lengo la saa nne tangu ifunguliwe linamkatiza mtu katikati ya kazi yake: umezama kwenye hitilafu tangu saa tatu, umeanza kuiona, mara unaitwa ukarivyu. Lengo la "kabla ya saa nne asubuhi ya siku ya kazi inayofuata" linampa kila mtu dirisha lilelile. Anafika, anafungua foleni ya rivyu kabla hajaanza yake, akimaliza siku nzima ni yake. Hata mwongozo wa Google kwa wahandisi wao unaweka ukomo wa siku moja ya kazi kujibu, na wanasisitiza kujibu, si kumaliza. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kijenge_Juu: Google wana watu maelfu. Sisi sita. Usituletee Google hapa.

Mzoefu_Sakina: Sawa, niache Google. Twende na mfano mmoja. PR imefunguliwa Ijumaa saa kumi na dakika arobaini jioni, ikajibiwa Jumatatu saa tatu na nusu asubuhi. Ubao wa bosi utaandika saa 64 na dakika 50. Hesabu muda wa kazi tu, saa mbili hadi saa kumi na moja: dakika 20 za Ijumaa, saa moja na nusu ya Jumatatu. Jumla saa 1 na dakika 50. Mtu yuleyule, PR ileile, upande mmoja ni mzembe, upande mwingine ni wa kupongezwa.

Na kuna mtego wa pili. Ukichukua `createdAt` kama mwanzo, PR iliyofunguliwa ikiwa rasimu Jumanne na kutangazwa tayari Alhamisi imeshakula siku mbili ambazo hakuna aliyeombwa chochote. Saa ianze pale rivyu inapoombwa.

Binti_Pasua: Asante. Ndiyo maana jina langu lilikuwa jekundu wiki ya Nane Nane. Nilikuwa likizo ya sikukuu kama Watanzania wote.

Kijenge_Juu: Mdogo wangu, sikukutaja wewe. Umejitaja mwenyewe.

Binti_Pasua: Ulisema anayeogopa ana la kuficha. Mimi ninaogopa. Sasa umemtaja nani?

Dada_Sanawari: Kijenge, mpe pole binti wa watu, halafu tuendelee. Mimi ni mtu wa majaribio, ninaona kinachofuata baada ya rivyu. Tulikuwa na ubao huo mwaka jana kwenye ofisi moja, sitaitaja. Wiki ya pili rangi zote zikawa kijani na bosi akafurahi. Mimi nikaanza kupokea hitilafu zilezile ambazo rivyu ilikuwa inazikamata. Nikafungua moja: mistari 380, imepitishwa baada ya dakika tatu, hakuna swali hata moja. Nyingine mtu kaandika "naangalia" ili saa isimame, akarudi kesho yake jioni. Mkiona PR kubwa zinapita kimya, jueni watu wanailisha saa, hawasomi.

Kijenge_Juu: Hapo nakubali. Pole binti, sikukukusudia. Lakini bila jina mtamjuaje anayechelewesha?

Mzoefu_Sakina: Mara nyingi hayupo. Kwenye timu yetu, tulipoacha majina tulikaa Ijumaa moja na PR 22 za mwezi uliopita. 17 zilijibiwa ndani ya siku moja ya kazi. Tano zilichelewa, tukazifungua moja moja. Tatu zilikuwa na mistari zaidi ya 600 kila moja. Moja iliangukia sikukuu. Ya mwisho ilimsubiri mtu mmoja tu anayeijua moduli ya malipo, naye alikuwa safarini. Ukimwandika yule mtu jina jekundu umepata nini? Tatizo lilikuwa ukubwa wa PR na ujuzi uliokaa kwenye kichwa kimoja.

Kila asubuhi tunaendesha hii tu, iliyofunguliwa mapema zaidi inakuja juu:

```
gh pr list --search "draft:false review:none sort:created-asc"
```

Inatoa namba, kichwa, tawi na muda. Mwandishi hayumo, mrivyu hayumo. Anayeiona ya juu kabisa anauliza "hii imekwama wapi?" Swali linaenda kwa PR.

Mzee_wa_Kiboriloni: Hiyo nimeipenda. Ila mwanangu anafanya kazi za mteja wa nje, rivyu ya mteja inakaa siku tisa. Hiyo amri itamsaidia?

Dada_Sanawari: Hapana, baba. Mteja hayumo kwenye makubaliano ya timu. Hilo liingie kwenye mkataba wake.

Kijenge_Juu: Bado nina tatizo. Mnapima jibu la kwanza. Mwandishi akirekebisha, raundi ya pili ikakaa siku tatu, amri yenu haioni.

Mzoefu_Sakina: Kweli, haioni, kwa sababu PR ikishapata rivyu inatoka kwenye orodha. Sisi mwandishi akimaliza marekebisho anaomba rivyu upya, na dirisha la saa nne asubuhi linaanza tena. Lakini hilo tunalifuata kwa macho, na mara mbili mwezi huu lilituponyoka.

Fundi_Njiro: Nimesoma zote. Nitamwomba bosi TV izimwe mwezi mmoja, tuanze na "kabla ya saa nne asubuhi", kisha tufungue zilizochelewa pamoja. Amekubali kusikiliza, hajakubali kuzima.

Binti_Pasua: Na za malipo? Zitaendelea kuja kwangu?

Fundi_Njiro: Kuanzia Jumatatu nitakaa nawe kwenye simu kwa PR mbili za kwanza, tuzisome pamoja. Baada ya hapo sijajua, dada. Anayeijua moduli ile ni mimi peke yangu.