LM358, TL072 au MCP6002 kwa sensa ya joto? Kipimo kinaganda 40

mwani_micheweni
Assalam alaykum wakubwa. Naomba mnisaidie kuchagua maana nshachoka kufungua na kufunga. Nimemtengenezea mama kikaushio cha jua cha mwani huku Micheweni, ndani nimeweka LM35 na nataka ESP32 iwashe feni joto likizidi 55. LM35 inatoa 10 mV kwa kila digrii, ni kidogo, nikaikuza mara 5 kwa LM358, rezista ya 10k moja kwenda graundi na 10k nne zimefuatana kwenye fidbeki. Sensa inakula 5V ila opampu nimeipa 3.3V ileile ya ESP32 nikiogopa kuunguza pini. Asubuhi vipimo safi kabisa, 28, 31, 35, halafu ikifika 40 inaganda hapohapo mpaka jua linatua, na nikitia mkono ndani unauma, si 40 ile. Nimebadilisha sensa mbili. Ninazo pia TL072 nimezitoa kwenye redio, na duka moja la Dar wana MCP6002 wanaweza kunitilia kwenye boti lakini bei imezidi. Ipi niweke?

fundi_darajani
Tia TL072 bwana, hiyo ndo opampu ya maana, LM358 ni ya kuchezea tu. TL072 haina makelele, mie naitumia kwenye mikisa za harusi miaka mingi haijaniangusha.

bisalma_ngambo
Waalaykum salaam. Mwanangu kabla hujanunua kitu, kesho saa sita mchana chukua mita upime sehemu tatu tu: mguu wa plasi wa opampu, mguu wa mainasi, na autoputi. Opampu ikiwa inafanya kazi yake ile miguu miwili inakuwa na volti sawa, tofauti ni milivolti chache. Zikiachana ujue imegonga ukuta mahali na haina uwezo tena. Lete namba.

mwani_micheweni
Nshapima bibie. Plasi 0.58, mainasi 0.40, autoputi 2.00 na haitikisiki.

bisalma_ngambo
Basi hapo pashajieleza. Plasi 0.58 maana yake sensa inakwambia digrii 58, sensa zako zote nzima. Opampu inataka itoe 0.58 mara 5, yaani 2.9V, lakini imekwama 2.00, na 2.00 ukiigawa kwa 5 ndo ile 0.40 unayoiona kwenye mainasi na ndo 40 yako kwenye skrini. Umegonga dari la autoputi.

LM358 ndani yake transista za kupandisha autoputi zinatolea kwenye emita, kwa hiyo lazima kitu kilichoko nyuma yao kiwe juu zaidi kwa 0.6V na kingine 0.6V tena, ndo maana haifiki kwenye saplai, inabakisha kama 1.3 hivi, na datashiti kwa usalama inakwambia hesabu 1.5. Ukiwa na saplai ya 30V, 1.5 ni kitu gani, nani ataiona? Ukiwa na 3.3 ushapoteza karibu nusu ya uwanja. Zile opampu za reli-hadi-reli, zinazofika karibu kabisa na mwisho wa saplai juu na chini, zimekuja kwa sababu hiyo, saplai zimeshuka kutoka plasi na mainasi 15 mpaka 5 na 3.3 lakini 0.6 ya transista haikushuka nazo.

Na inputi nayo ina mipaka yake, usiichanganye na autoputi. LM358 inputi yake inashuka mpaka graundi kabisa bila shida, ila juu inaishia 1.5 chini ya saplai, kwako ni 1.8. Wewe uko 0.58, uko salama mbali sana. Ukikuza mara 5 autoputi ndo inatangulia kugonga. Ungeifunga kama bafa, bila kukuza, inputi na autoputi zinapanda pamoja na hapo ndo ungeiona inputi inakusumbua.

fundi_darajani
Sasa TL072 si ingetoa zaidi?

bisalma_ngambo
Hapana kaka, kwa huyu ni mbaya kuliko. TL072 imegeuka, inputi yake inapenda kukaa juu, inafika hadi saplai ya juu, lakini chini inataka nafasi kama 3V kutoka reli ya chini. Kwenye mikisa yako una plasi na mainasi 15, mawimbi yako yamekaa katikati, huwezi kuliona tatizo. Huyu sensa yake iko 0.3 mpaka 0.6 juu ya graundi na hana saplai ya mainasi. TL072 ukiishusha inputi chini namna hiyo inaweza kujigeuza, inputi inashuka autoputi inaruka juu. Feni yake itawaka alfajiri na baridi.

fundi_darajani
Ahaa, hiyo ya kujigeuza nshaiona kwenye projekti moja ya betri, nikadhani chipu feki. Basi naifuta kauli yangu kwa hapa.

kaka_sola_paje
Samahani naingilia, na mie ninayo kama hii. Napima mkondo wa sola kwenda betri ya 12V, shanti, ile rezista ndogo ya kupimia mkondo, nimeiweka kwenye waya wa plasi, opampu ni MCP6002 na saplai 5V. Inanipa upuuzi na ya kwanza imeungua. Si ni reli-hadi-reli hii, mbona haikubali?

bisalma_ngambo
Reli zake ni 0 na 5, wewe unaipa 13. Reli-hadi-reli maana yake inafika kwenye reli zake na 0.3V kupita kidogo, basi, haivuki. Ama hamishia shanti upande wa mainasi, ama tafuta INA219, ile imetengenezwa kusoma shanti ya juu hadi 26V.

kaka_sola_paje
Upande wa mainasi siwezi, graundi ya invata na ya chaja ziko pamoja kwenye bodi ya boti. Ntaangalia hiyo INA.

juma_tv_wete
Mie nasema achukue MCP6002 amalize, autoputi inafika 0 na 3.3 kamili hata uifunge na kitu gani.

bisalma_ngambo
Kamili hapana. Pale mwisho wana mosfeti mbili, moja inavuta juu moja chini, hakuna tena ile 0.6, lakini mosfeti ina ukinzani wake na ukivuta mkondo inapoteza volti. Kwa lodi ya 10k inabakisha kama milivolti 25, ukimfungia LED au rilei inabakisha nyingi zaidi. Kwa pini ya ESP32 haina neno.

Ila mwani, mie ningekuwa wewe nisingenunua kwanza. Hiyohiyo LM358 ipe 5V, dari lake linapanda hadi 3.5 na zaidi. Kisha toa rezista moja ya 10k kwenye zile nne, ukuzaji unakuwa mara 4, digrii 60 inakuwa 2.4V, na ADC ya ESP32, ile inayosoma volti, yenyewe hainyooki vizuri ukizidi hapo. Weka 10k nyingine kati ya autoputi na pini, maana waya wa sensa ukikatika LM358 yaweza kupanda juu ya 3.3. Badilisha na hesabu kwenye kodi, volti gawanya kwa 0.04.

juma_tv_wete
Lakini MCP ukiipa 3.3 pini haiungui hata waya ukatike, hiyo si faida?

bisalma_ngambo
Faida kweli, sikatai. Angekuwa anatengeneza vikaushio kumi ningemwambia MCP.

mwani_micheweni
Nimefanya leo. Saa saba mchana plasi 0.61, mainasi 0.61, autoputi 2.43, skrini 61 na feni imewaka yenyewe. Mama anauliza mbona inapiga kelele. Ila usiku inaonesha digrii 1 juu ya kipimajoto cha zebaki, hiyo ni opampu au ni ADC?

bisalma_ngambo
Yaweza kuwa zote. LM358 peke yake yaweza kukosea hadi 7 mV pale inputi, ni 0.7 ya digrii. Pima mguu wa plasi usiku tuone.