Mrejesho: barua pepe ya kumwomba msambazaji mgeni ankara kwa Kiingereza

Niliuliza: "Nitafsirije 'Naomba unitumie ankara iliyorekebishwa kabla ya Ijumaa' ibaki na adabu bila kukakamaa?"

Asanteni sana, wakuu. Nimeiacha "I request you to send", maana inasikika kama agizo la ofisini, ilhali "naomba" yetu ni laini. "Please send" nayo, hata ikiwa na tafadhali, bado ni amri. Kwa Kiingereza upole umekaa kwenye umbo la swali:

"Could you please send me the corrected invoice before Friday?"

Salamu za kazi, afya na familia nimezikusanya kwenye "I hope you are well". Zote zingemchosha mgeni. Msambazaji amejibu vizuri, na ankara ameiambatanisha.