Wakuu, jana nimedhulumiwa na YULE JAMAA, mnamjua

Sitaji jina. Mzee wa "ingieni ova wanangu, hii mechi ni moto". Hafutaimu ya NBA pointi 124, kampuni ya kubeti imeweka laivu 236.5, jumla ikipita hapo ova inalipa. Jamaa akatuambia 124 mara mbili ni 248, hizo ni hela za bure. Nikaweka hela ya gesi. Mke hajui.

Zimebaki sekunde 20, jumla 236. DUH! Nataka pointi moja tu. Kijana wa benchi ana mpira, njia nyeupe kama barabara ya Krismasi, anadundadunda tu katikati ya uwanja anachekelea! King'ora kikalia. Nikamwandikia jamaa, akanijibu: "Hesabu ilikushinda tangu darasa la nne." MIMI? Yule dogo angerusha hata kwa kisigino!

Kipanga wa Usiku: Pole mkuu, lakini ulizidisha mara mbili kweli? 😂 Kabla ya mechi line ilikuwa ngapi?

Mwenye uzi: 221.5. Inahusu nini? Dogo ALIDUNDA MPIRA!

Kipanga wa Usiku: Inahusu sana. Hiyo ni kama pointi 4.6 kwa dakika. Kampuni inachukua 124 zilizoingia, dakika 24 zilizobaki inazipigia kwa kasi ya mwanzo, unapata karibu 235, kisha inapandisha kidogo. Ungeangalia mitupo iliyopigwa, siyo iliyoingia. Kama timu hazikukimbia zaidi ila zilibahatika na pointi tatu, nusu ya pili bahati inapoa.

Mama Ova: Mimi nasubiri faulo tu. Faulo zikiwa nyingi, ova lazima.

Kipanga wa Usiku: Siyo lazima, dada. Faulo isiyo ya mtupo inakuwa mpira wa pembeni tu mpaka timu ifike ya tano ndani ya robo, hapo ndipo wanatupa mbili. Robo ikiwa bado imebakiza dakika saba na tayari wamefika tano, hapo nakuelewa. Mwenye uzi, zikibaki dakika tatu walikuwa wanaachana ngapi?

Mwenye uzi: 12. 118 kwa 106.

Kipanga wa Usiku: Basi ndiyo hiyo. Wangeachana nne, aliye nyuma angecheza faulo makusudi, saa inasimama, mwenzake anaenda mstarini. Kwa 12 makocha wanatoa mastaa. Na chini ya sekunde 24 hakuna saa ya kumlazimisha dogo kurusha.

Mwenye uzi: Angerusha kwa heshima ya mitungi yetu.

Babu Anda: Afadhali wewe. Mimi nilishika anda, dakika 48 zimeisha niko salama, wakatoka SARE. Dakika tano za nyongeza zinahesabiwa! Nani alipitisha hii sheria?

Mama Ova: Iko kwenye masharti, babu.

Babu Anda: Maandishi ya mchwa yale! Na keshauti yangu iligoma kubonyezeka.

Dogo Janja wa Mikeka: Keshauti imegoma kwa nani mwingine? Mimi tangu Jumamosi.