MREJESHO: Damu kuvilia mikononi na miguuni bila kugongwa

Swali langu lilikuwa: "Naamka na mabaka meusi mapajani na mikononi, sijagongwa popote. Nipime damu au nisubiri?"

Asanteni wote. Nimemfuata dada aliyeniuliza ninameza dawa gani. Kweli, kichwa kikiniuma nilikuwa nameza aspirini, karibu kila siku. Daktari naye alianzia hapo, kisha akaagiza picha kamili ya damu na kipimo cha muda wa damu kuganda.

Chembe sahani, zile zinazoshikamana kuzuia damu kutoka, zilikuwa 238, na kawaida ni 150 hadi 450. Muda wa kuganda ulikuwa sawa. Nikashangaa, mbona basi navilia? Akanieleza kwamba aspirini haipunguzi idadi ya chembe hizo, inazizuia kushikamana, na kila moja iliyoguswa hubaki hivyo hadi ife, siku 7 hadi 10. Kwa hiyo kuacha leo hakuonekani kesho.

Niliacha, kichwa sasa natumia parasetamoli. Mikono imesafishika kabisa. Mapajani bado baka moja moja hutokea, dogo. Ameniambia nirudi kupima tena haraka nikiona vidoti vyekundu visivyofifia nikivibonyeza, fizi au pua kutoka damu, au hedhi kuzidi.

Aliyeshauri vitamini C, nilijaribu, sikuona tofauti.

Anayemeza aspirini kwa agizo la daktari wa moyo asiache mwenyewe, amuulize kwanza.