Waya za kutafutia maji: zinachezeshwa na maji au na mkono?

Mwenye Kiwanja: Nimemleta mzee wa kutafuta maji. Ana waya mbili zilizopindwa, na kila akifika kwenye mwembe zinakutana zenyewe. Nikajaribu mimi, zikakutana palepale! Hapa pana maji au natapeliwa?

Bakari: Huenda mzee hatapeli, anaamini kweli. Waya zimeshikwa kilegelege, kiganja kikiinama kidogo tu ncha zinageuka. Nawe ulishajua zikutane wapi. Mwaka 1812 Mfaransa Chevreul alihangaishwa na pete ya chuma aliyoining'iniza kwa uzi. Juu ya zebaki inacheza, akiweka kioo katikati inatulia. Angeishia hapo angeamini. Akaegemeza mkono kwenye kipande cha mti: karibu na bega, pete ikaendelea kucheza. Kadiri egemeo lilivyosogezwa kuelekea vidole ndivyo ilivyopoa, na lilipofika vidoleni ikasimama. Kisha akafungwa macho, mwenzake akawa anaweka na kutoa kioo kimyakimya. Pete haikubadilika. Mkono ulikuwa unafuata alichotarajia, mwenyewe hana habari.

Bi Salma: Na kisima cha baba je? Alionyeshwa kwa waya, tukachimba futi 60, maji tunayanywa hadi leo.

Fundi Visima: Majirani zenu nao wana visima? Sehemu nyingi ukichimba maji utayakuta, kazi ni kina na chumvi. Ungechimba hatua ishirini pembeni ungekosa? Hilo hakuna anayelijaribu, pesa zimeshaisha. Ila wazee hawa nisiwadharau, wengine wanasoma bonde na miti kuliko vijana wenye mashine. Macho yanajua, waya inatangaza tu.

Ustadh J: Hii ni ramli, na ramli ni haramu. Mnajadili nini?

Kidampa: Wajerumani walishathibitisha lakini! Ghalani, kisayansi kabisa.

Bakari: Karibu na Munich, 1987 hadi 1988. Bomba la maji linahamishwa chini, mtafutaji yuko ghorofani, aseme liko wapi kwenye mstari wa mita 10. Walichujwa watu kama 500 wakabaki 43, wakafanya majaribio 843. Watafiti walitangaza kwamba wachache wana kipaji. Mwanasayansi mwingine, Enright, akazipitia namba zilezile: hata wale bora, aliyepatia raundi hii raundi nyingine anapotea. Ungejibu "katikati" kila mara, ungekaribia kuwa sawa nao.

Kidampa: Mtu kuchoka nako kupo.

Fundi Visima: Mfunge mzee kitambaa, apitishwe mara kumi kutoka pande tofauti, kila waya zikikutana choma kijiti. Vikirundikana pamoja, niite. Ila nami nitataka kipimo cha mwamba kwanza.

Mwenye Kiwanja: Mzee amekubali, Jumamosi. Mke wangu ndiye atamwongoza.

Bakari: Mkeo anajua mwembe uko wapi, atamvuta bila kujijua. Tafuta mtu asiyeijua hadithi. Na subirini mawingu, jua likiwaka kivuli cha mwembe atakisikia usoni.